Mradi wa kwanza wa wachumba: nunueni alizeti, mashine mwachieni mwenye mashine

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, mchumba wangu ni fundi umeme, kwao Kongwa. Tunafunga ndoa Septemba. Tuna akiba ya milioni mbili na nusu, mbali na michango ya harusi, na tunataka mradi mmoja wa familia uwe umeshasimama kabla hatujapata mtoto. Tumeshauriwa kuku wa nyama, zabibu, na kuna anayetuambia tukope tununue mashine ya kukamulia alizeti. Wewe ungeanza na nini?*

Marahaba, mdogo wangu. Ningeanza na alizeti, ila bila mashine. Na kwa kuwa umetaja mtoto, naanzia hapo hapo.

Kuku wa nyama si mradi mbaya, lakini wiki mbili za kwanza kifaranga anataka joto usiku kucha, na Juni na Julai Dodoma unaijua baridi yake. Umeme ukikatika saa nane za usiku mtu lazima aamke. Ukiwa na ujauzito wa miezi minane, au una mtoto wa wiki tatu na mumeo yuko saiti Chamwino, ataamka nani? Zabibu zina heshima yake hapa kwetu na zinavunwa mara mbili kwa mwaka, lakini zinataka shamba, nguzo, maji na dawa, halafu unasubiri mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo uone mavuno ya maana. Kwa hesabu zenu, mavuno ya kwanza na mtoto wa kwanza wanaweza kubisha hodi mwezi mmoja.

Alizeti iliyokauka vizuri inasubiri. Ukiiweka ghalani Julai, ukaumwa wiki mbili, utaikuta ilivyo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwapeleka huko. Sababu ya pili ni kwamba mchumba wako kwao ni Kongwa, na Kongwa ni alizeti.

Biashara yenyewe ni hivi. Mnanunua mbegu wakati wa mavuno, kuanzia Juni hivi, wakulima wanapohitaji fedha na bei iko chini. Mnaihifadhi. Kila mwezi mnatoa magunia machache, mnayapeleka kwenye mashine ya mtu, mnalipia kukamua, mnaondoka na mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, mnauza vyote viwili. Msikamue yote kwa mpigo. Mafuta yakishakamuliwa yanaanza kuzeeka, hasa yakikutana na jua na hewa. Mbegu ikiwa ndani ya ganda lake inajilinda yenyewe. Yale madumu unayoyaona yamepangwa juani kando ya barabara kuu yanapendeza machoni, lakini yakikaa pale siku kadhaa yanaanza kunuka kama karanga zilizochacha. Mteja akiyanunua harudi, na wala hakwambii kwa nini.

Sasa tupige hesabu ya magunia 10. Bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Wewe toa yangu, weka ya wiki hiyo utakayokuwa sokoni. Tuseme gunia lina kilo 60, na kilo mmenunua kwa shilingi 800. Magunia 10 ni kilo 600, sawa na shilingi 480,000. Usafiri na kupakia tuseme 40,000. Kukamua kwa shilingi 80 kwa kilo ni 48,000. Gunia la kawaida la mbegu mchanganyiko likupe lita 16, kwa hiyo unapata lita 160. Ukiyaacha yatulie ukaondoa tope la chini, zinabaki kama lita 152. Hizo zinajaza madumu 30 ya lita tano, na lita mbili zinaenda jikoni kwenu. Madumu matupu tuseme 36,000, na 20,000 ya kitambaa cha kuchujia na nauli za kusambaza. Jumla mmetoa 624,000.

Mkiuza dumu kwa 24,000 mnapata 720,000. Hapo wengi wanafunga daftari. Ukitoa 624,000 unabaki na 96,000, na mtu anasema alizeti hailipi. Amesahau mashudu. Katika kilo 600, hata ukiondoa uchafu na upotevu, mashudu hayakosi kilo 380. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa wanayatafuta. Hao hao waliowashauri mfuge kuku ndio watakuwa wateja wenu. Kwa shilingi 500 kwa kilo ni 190,000. Faida sasa ni 286,000.

Hapa ndipo wageni wanapoliwa. Mashine nyingi zitakwambia, "Sisi hatukutozi kukamua, tuachie mashudu tu." Inasikika kama ukarimu. Hesabu tena: umeokoa 48,000 na umeacha 190,000. Faida yako imeshuka kutoka 286,000 mpaka 144,000, yaani nusu, na umeaga kwa kushukuru. Tafuteni mashine inayokubali fedha na kukurudishia mashudu yako, hata kama iko mbali kidogo. Kama wote mnaowapata wanataka mashudu, basi pataneni wachukue sehemu, si yote, na mpime kwa mizani.

Sehemu ya pili ya kuliwa ni lita. Nilisema gunia litoe 16. Likitoa 13, lita 160 zinakuwa 130, ukiondoa tope unabaki na kama 123, madumu 24 tu. Mauzo ya mafuta yanakuwa 576,000. Hata ukijumlisha mashudu yale yale, faida inaangukia karibu 149,000. Lita tatu tu kwa gunia zimekula karibu nusu ya faida. Kwa hiyo kazi kubwa ya biashara hii ni kujua lita hizo zinapotelea wapi, na nionavyo mimi zinapotelea mahali patatu.

Pa kwanza ni mbegu yenyewe. Mbegu ya Rekodi ambayo wakulima wetu wameirudia miaka na miaka ina ganda nene. Chotara nyingi zina ganda jembamba na mafuta mengi zaidi. Sokoni utazikuta zimechanganywa. Chukua punje kumi kwenye gunia, si za juu tu, ingiza mkono mpaka katikati. Zimenye kwa kucha. Ukikuta tatu au nne ni ganda tupu au kiini kimesinyaa, mvua ilikatika mapema shambani, na hilo gunia ni jepesi kwa mafuta hata kama limejaa. Kiini kizuri kinajaza ganda, na ukikibana kwa ukucha kwenye karatasi kinaacha doa la mafuta.

Pa pili ni unyevu. Mbegu mbichi ina uzito wa maji unaoulipia kwa bei ya alizeti, na ikikaa kwenye gunia inapata joto, inavunda, mafuta yake yanakuwa machungu. Gunia kavu ukiingiza mkono linasikika baridi na punje zinapita vidoleni zikilia kama changarawe. Bichi inakuwa na uvuguvugu katikati na punje hazitelezi. Ukiitafuna, kavu inavunjika kwa mlio, bichi inapondeka. Mimi mwaka wangu wa pili nilinunua magunia saba jioni, kwa tochi ya simu, kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Nilishika juu tu. Wiki ya tatu nilifungua mlango wa stoo nikakutana na harufu ya kanda lililolowa. Matatu nilianika upya kwenye turubai, manne niliuza kwa mfugaji wa nguruwe kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mume wangu.

Pa tatu ni kwenye mashine. Mashine baridi haikamui vizuri. Kilo za mwanzo zinatoka na mashudu mazito, ya mafuta mafuta. Ukiwa mteja wa kwanza asubuhi, mbegu yako ndiyo inayoipasha moto mashine kwa faida ya mteja wa pili. Mimi nafika saa nne, mtu mwingine ameshatangulia. Halafu simama pale. Chukua mashudu yanapotoka, yangali ya moto, yafinye kwenye karatasi ya daftari. Karatasi ikilowa na kupitisha mwanga, mafuta yako yanaondoka na mashudu; mwambie fundi akaze, au ayapitishe mara ya pili. Mashudu mazuri yanatoka kama vipande vyembamba, vikavu, vinavyokatika ukivikunja. Niliwahi kuacha magunia 12 kwenye mashine moja nikaenda msibani, nikirudi nikaambiwa, "Mbegu yako ilikuwa na ganda sana mama." Labda. Lakini lita zilipungua karibu 40 kuliko mzigo wa wiki iliyopita kutoka kijiji kile kile. Siku hizi hakuna gunia langu linalomwagwa kwenye mashine mimi au mwenzangu hatupo.

Mkitoka mashineni mafuta yanakuwa na vumbi la ganda na maji kidogo. Yawekeni kwenye pipa safi la plastiki lenye mfuniko, mahali pa giza, siku tatu au nne. Msiyatikise. Chota ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa kizito, tope la chini libaki. Kabla ya kufunga madumu, weka kijiko kimoja kwenye sufuria kavu ya moto. Yakitulia kimya, sawa. Yakilia tatatata na kurusha, bado yana maji. Yarudishe yatulie, au yapashe moto taratibu mpaka mlio uishe. Mafuta yenye maji yanaharibika haraka na yanamrukia mama wa watu jikoni. Na tafadhali, dumu lililowahi kubeba dizeli au dawa ya shamba halioshwi likasafika.

Sasa Kongwa. Kuna faida ya kununua ukweni, na kuna mtego. Faida ni kwamba mkwe wako anajua shamba la nani lilipata mvua, nani aliyevuna mapema mbegu haijakauka. Mtego ni mizani. Hutaweza kumwambia baba mkwe kwamba gunia lake lina kilo 54. Kwa hiyo nunueni kwa kilo tangu siku ya kwanza, kwa wote, na mizani ashike mchumba wako, si wewe. Yeye akipima kwa mjomba wake hakuna atakayesema mke amekuja na mambo yake. Msinunue lumbesa, hata kama inaonekana nafuu. Mnaweza kuona mmepata, mkisahau kwamba kesho yake dalali atawajazia mbegu mbovu chini ya gunia na kuziba juu kwa nzuri.

Njiani kuna ushuru wa mazao wa halmashauri. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka wilaya moja kwenda nyingine usitozwe, na magunia yenu 10 ni kilo 600. Hata hivyo pitieni ofisi ya kata mnakonunulia mkaulize kabla ya kupakia, ili msijadiliane na mtu kwenye kizuizi usiku.

Ghala si lazima liwe ghala. Chumba kimoja kikavu kinatosha. Weka mbao chini, acha nafasi ya mkono kati ya magunia na ukuta, na ziba kila tundu, maana panya wa Dodoma anaipenda alizeti kuliko mahindi. Kila Jumamosi ingiza mkono kwenye magunia mawili. Ukisikia joto, anika siku hiyo hiyo.

Bei nayo haina ahadi. Mara nyingi mbegu inapanda kadiri mnavyosogea mbali na mavuno, lakini si kila mwaka. Mwaka 2023 wakulima wa Dodoma na Singida walilia, bei ilianguka vibaya wakati mafuta ya nje yalikuwa yamejaa sokoni. Aliyekuwa na mbegu ghalani akisubiri ipande aliumia pamoja nao. Ndiyo maana nasema mkamue kila mwezi, msiwe walanguzi wa kuotea. Mkiuza mafuta na mashudu kila mwezi mnapata wastani wa bei za mwaka mzima. Na msitie milioni mbili na nusu yote. Milioni moja na nusu kwa msimu wa kwanza inatosha magunia kama 24 pamoja na gharama zake; iliyobaki ikae benki.

Upande wa karatasi ni mfupi kuliko watu wanavyoogopa, ila una jambo moja la wachumba. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, TIN inatolewa bure na TRA, leseni ni ya jiji. Masuala ya usalama wa chakula tangu 2019 yako TBS, si TFDA tena, kwa hiyo kabla ya kubandika lebo na kuanza kupeleka madukani, eneo lenu na mafuta yenu vipite huko. Anzieni ofisi ya SIDO hapa hapa mjini. Wana utaratibu wa kuwatambulisha wajasiriamali wadogo TBS, na watawaonyesha lebo iandikweje.

Jambo la wachumba ni hili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa mna haki sawa. Ninyi bado hamjaingia kwenye ndoa. Alizeti mtakayonunua Julai, kabla ya Septemba, haina hata kinga hiyo. Sisemi mtaachana. Nasema yakitokea ya kutokea, hata msiba, ndugu watakuja kuuliza magunia ni ya nani, na jibu liwe limeandikwa. Sajilini jina la biashara kwa ubia, majina yenu yote mawili. Kisha andikeni karatasi moja: nani ametoa kiasi gani, faida inagawanywaje, na mmoja akijitoa kabla ya harusi anarudishiwa nini na lini. Sainini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Kama unaona aibu kumwambia, mwambie dada aliyejibu swali lako ameshurutisha.

Fedha ya mafuta iwe na laini yake ya simu, isichanganyike na mshahara wala michango ya harusi. Mkitoa dumu kwa ajili ya kupikia pilau ya sherehe, liandikwe kwenye daftari kwa bei ile ile ya mteja, "dumu 4, harusi". La shangazi vile vile. Sikatazi kumpa shangazi. Nakataza kutoliandika, maana mwisho wa mwezi mtaanza kutafutana uchawi kwenye hesabu.

Kuhusu kazi, usikubali ile ya "baba atanunua, mama atauza". Kabla hujapata ujauzito, kila mmoja afanye mzunguko mzima mara moja peke yake: kununua, kupima, kusimama mashineni, kuchuja, kuuza, kuandika. Gunia la kilo 60 wapakie vijana, lakini karatasi ya mashudu uifinye mwenyewe. Ukiwa kwenye likizo ya uzazi, mwenzio atajua wateja wako wa mafuta ni walimu gani na nani hulipa tarehe ngapi. Naye akipata kazi ya umeme ya miezi miwili Singida, wewe hutadanganywa na fundi wa mashine.

Wiki hii nunueni gunia moja tu. Pimeni kilo zake, kakamueni, pimeni lita baada ya siku nne za kutulia, pimeni mashudu. Likitoa chini ya lita 14, badilisheni kijiji au mashine kabla ya kununua la pili.

Na huyo anayewaambia mkope mnunue mashine, mpigie hesabu hii: mkikamua magunia matatu kwa mwezi, ni kilo 180. Kwa shilingi 80 kwa kilo mnalipa 14,400. Hiyo ndiyo fedha ambayo mashine yenu ingewaokolea kila mwezi, kabla hamjalipa umeme, kodi ya fremu, fundi na rejesho la benki. Mkifika magunia 20 kwa wiki na bado mnapanga foleni kwenye mashine ya mtu, niandikie tena.